Tiki ya kijani, kofia ya njano: mwezi wangu mmoja na programu ya kukagua picha

Hela niliyolipia mwezi mzima hairudi, na hilo nimeshalimeza. Kinachonikereketa mpaka leo ni yule kijana wa huduma kwa wateja aliyeniambia, huku anatafuna kitu, "Kaka, mfumo haukosei, labda ni macho yako." Macho yangu! Miaka 11 nachagua picha za habari kwa macho hayahaya.

Wiki kadhaa zilizopita promota wa tamasha moja alitutumia picha ya umati kwa WhatsApp, kama kawaida yao. Uwanja umefurika, vichwa mpaka ukutani. Nikaiingiza kwenye programu, ikazunguka kidogo, ikaniletea tiki ya kijani: hakuna eneo lililonakiliwa. Nikaitundika kwenye ukurasa wetu. Haikupita nusu saa, msomaji mmoja akauliza, "Admin, huyu wa kofia ya njano ana pacha?"

Nikaikuza. Kushoto kuna jamaa wa kofia ya njano iliyokaa upande, mkono juu, simu mkononi. Kulia yuko jamaa wa kofia ya njano iliyokaa upande, mkono juu, simu mkononi. Jasho likanitoka, ila sikukata tamaa mara moja, maana kofia zile ziligawiwa bure getini na watu kufanana si kesi. Basi nikaachana naye, nikaangalia majirani zake. Nyuma ya bega lake palikuwa na mwavuli uliochomoza waya mmoja. Nyuma ya bega la yule mwingine, mwavuli uliochomoza waya mmoja. Nikapima. Kutoka kofia hadi kofia ni pikseli 578 kwenda kulia na 15 kwenda chini. Mwavuli hadi mwavuli, 578 na 15. Chupa ya maji iliyoinuliwa mbele yao, 578 na 15. Hapo hakuna cha pacha tena. Kipande kizima cha umati kimebebwa kikabandikwa pengine, na kila kilichokuwa ndani yake kimehama kwa mruko uleule.

Nikapiga simu. Ndipo nikakutana na mtafunaji wangu. Baada ya kunitukania macho, akanishauri nishushe kiwango cha kufanana, eti mfumo utakuwa mkali zaidi. Nikashusha. Paa la bati la jukwaa likawa jekundu lote. Anga ikawa nyekundu. Viti vya plastiki, vyekundu. Kofia? Haikuguswa hata kidogo! Nikasema huu ni wizi, nikaenda kuwapa nyota moja na maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasoma.

Sasa hapa ndipo inabidi nijisahihishe kidogo, kwa shingo upande. Mpiga picha wa promota, mtu mwenye aibu zake, alinipigia pembeni akanipa faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye kompyuta yake, pikseli 6000 kwa 4000. Lile la WhatsApp lilikuwa 1600 kwa upana. Nikaliingiza kwenye programu ileile, kiwango nikiwa nimekirudisha kilipokuwa. Sekunde chache tu, madoa mawili juu ya umati, yameunganishwa kwa mstari, mruko 2168 na 56. Pigeni hesabu wenyewe: ni zile 578 na 15 zangu, mara 3.75.

Ila kilichoninyamazisha ni doa lingine, kulia mwa jukwaa. Moshi. Ule moshi wa mashine ya jukwaani ulikuwa umenakiliwa ukamwagwa juu ya sehemu ya uwanja iliyokuwa tupu, na kingo zake zimelainishwa vizuri sana. Macho yangu ya miaka 11 yalipita hapo mara ishirini bila kushtuka. Wengi tunajua kisa cha Agosti 2006, picha ya Adnan Hajj ya moshi juu ya Beirut iliyosambazwa na Reuters, ambapo mafundo ya moshi yalijirudia waziwazi mpaka watu wakayagundua kwa kutazama tu, Reuters wakaiondoa na baadaye wakafuta picha zake zote 920. Ule ulikuwa muhuri uliogongwa ovyo, tena na tena. Huu wangu ulikuwa kipande kimoja, kimebandikwa mara moja, hakuna safu ya kukushtua. Nikakuza hadi asilimia 400 kwenye kivuli cha moshi, kule kwenye chenga za kamera. Moshi wa kweli unaweza kufanana na mwenzake, lakini chenga hazirudii. Hapa zilirudia, nukta kwa nukta.

Kwa nini basi ile ya WhatsApp ilipita? Programu hizi hazioni mtu wala kofia. Zinakata picha vimraba, tuseme pikseli 16 kwa 16, kila kimoja kikimpanda mwenzake kwa hatua ya pikseli moja. Kila kimraba kinafupishwa kuwa namba chache, namba zinapangwa ili zinazofanana zikae jirani, halafu linakuja swali: ni jozi ngapi zimeruka umbali mmoja kwa upande mmoja? Zikiwa nyingi, doa linawaka. Picha ikipunguzwa mara 3.75, ile kofia ya kushoto na ya kulia haziangukii pikseli zilezile tena. Kisha JPEG inaibana picha kwa viboksi vyake vya 8 kwa 8, na 578 haigawanyiki kwa 8, kwa hiyo pacha mmoja kakatwa shingoni na mwenzake kakatwa kidevuni. Kwa jicho bado ni mapacha. Kwa namba wameshakuwa binamu.

Na bati? Migongo ya bati inafanana kweli, kila kimraba kina ndugu kibao, na ukilegeza kiwango wote wanaitana. Unaitambua kwa mruko: ni upana wa mgongo mmoja, miwili, mitatu, kwenye mstari uleule wa paa. Anga nayo haina kitu ndani, kimraba tupu hufanana na kimraba tupu. Kubandika hakufanyi hivyo. Kuna mruko mmoja wa ajabu usiohusiana na kitu chochote kwenye picha.

Kwa hiyo nikapandisha nyota zikawa nne. Haki yao, ule moshi nisingeuona mpaka kiama. Lakini kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyozidi kuwaka upya. Programu inajua faili lina upana wa 1600 na limebanwa. Inashindwaje kuandika "sijaona kitu, lakini faili hili limeshachakaa"? Inatoa tiki ya kijani ileile inayotoa kwa faili zima! Anayetuma kwa WhatsApp anasafishiwa uongo wake bure, na mimi nalipia.

Nikapiga tena kuwaambia hilo, kwa upole kabisa, nikiwa na namba zangu mkononi. Akapokea yuleyule. Nikaeleza mwanzo hadi mwisho, 1600, 8 kwa 8, kofia, moshi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa kaka, kwa hiyo sasa unaona?"

Nyota mbili. Na picha nimeishusha.