Filamu ya mapenzi kwa wawili wasiopenda kitu kimoja: ipi ukodi kwanza

Mume anapenda filamu za Kihindi: nyimbo, machozi, wazazi wanaokataa ndoa. Mke anataka mikasa, mtu ameuawa na muuaji hajulikani. Wanaishi Tudor, Mombasa, watoto wamelala, na wameamua kukaa pamoja kuanzia saa tatu usiku. Wawili hawa kwa kawaida huishia kwenye filamu ambayo hakuna aliyeitaka, ile ya katikati isiyo na nyimbo wala mkasa, na dakika ya arobaini mmoja yuko kwenye simu na mwingine anasinzia.

Filamu inayowafaa ni ile ambayo mapenzi na mkasa vinategemeana. Kuna njia rahisi ya kuijua kabla ya kulipa. Soma muhtasari wake, kisha yaondoe mapenzi kichwani: je, hadithi bado inasimama? Ikisimama, mapenzi ni pambo tu, na mume atachoka. Halafu uondoe mkasa. Mapenzi yakiendelea kama kawaida, mke ndiye atakayechoka. Filamu inayobomoka pande zote mbili ndiyo ya kukodi. Usiamini tangazo la dakika mbili, kwa sababu hutengenezwa kuvuta kila mtu: filamu ya maongezi matupu huonyeshwa kama ya mbio, na ya vita huonyeshwa kama ya mahaba.

Jambo la pili ni saa. Wakianza saa 3:00 na wakitaka kulala kabla ya saa 5:30, wana dakika 150. Toa dakika 15 za chai, za mtoto aliyeamka na za kumjibu jirani anayebisha hodi. Zinabaki 135. Kwa hesabu hiyo Dilwale Dulhania Le Jayenge, yenye zaidi ya saa tatu, haifai usiku wa katikati ya wiki hata kama mume ataapa kwamba ndiyo bora kuliko zote. Titanic nayo ni hivyo hivyo. Ziwekeni Jumamosi, mwanze baada ya magharibi.

Kwa wawili hawa, tunazipanga hivi.

Ya kwanza ni Ghost ya mwaka 1990, dakika 127. Kijana anauawa barabarani akiwa na mpenzi wake, roho yake inabaki duniani, na inagundua kwamba mpenzi huyo yuko hatarini. Ukiondoa mapenzi, roho haina sababu ya kubaki. Ukiondoa mauaji, hakuna filamu. Mke anapata upelelezi, mume anapata machozi tena mengi, na wote wawili wanamcheka Whoopi Goldberg, aliyepata tuzo ya Oscar kwa nafasi yake ya mganga wa uongo anayeshtuka kusikia roho ya kweli. Tahadhari ni mbili. Mwanzoni kuna tukio la mahaba, kwa hiyo kama mama mkwe amekuja kulala na sebule ni moja, ahirisheni. Na kama mmoja wenu hapendi kabisa habari za mizimu usiku, nendeni moja kwa moja kwenye ya pili.

Ya pili ni Vuta N'Kuvute ya 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Iko Unguja, miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, anaikimbia ndoa hiyo na kumpenda Denge, kijana anayepigania uhuru na anayewindwa na polisi wa Mwingereza. Mapenzi yenyewe ndiyo hatari. Lugha ni Kiswahili, kwa hiyo mtazamaji wa Mombasa hahitaji maandishi ya chini, na mume anayelilia nyimbo atatulizwa na taarab iliyomo. Mbona basi haikuchukua nafasi ya kwanza? Kwa sababu inakwenda polepole. Kamera hukaa juu ya nyuso na kuta za mji, na mengi hayasemwi. Mke anayesubiri mbio na risasi aambiwe hivyo mapema. Akijua anachokwenda kukiona atavumilia, na atafaidi.

Ya tatu ni Casablanca ya 1942, dakika 102. Mwenye mkahawa nchini Morocco, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, anamwona mwanamke aliyemwacha akiingia na mume anayesakwa na Wajerumani. Kuna hati za safari zilizoibwa, na swali la nani atapanda ndege. Kwa mpenda mikasa ni tamu sana, na hakuna tukio la kuona haya mbele ya wazee. Imeshuka hadi hapa kwa sababu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na wapenzi wengi wa filamu za Kihindi hukata tamaa kabla ya dakika kumi. Mpeni mume robo saa kabla ya kumwuliza.

Ya nne ni Jab We Met ya 2007, dakika 138. Hii inapita kipimo chetu kwa dakika tatu, kwa hiyo anzeni saa 2:45. Haina muuaji, lakini ina safari: mwanamke anaachwa na treni kwa ajili ya mtu asiyemjua, na kuanzia hapo kila kituo kina kizaazaa kipya. Mke atashikwa na mwendo wa nusu ya kwanza. Baada ya mapumziko mambo hupoa, mwanamke yule mchangamfu anakuwa mnyonge, na hapo ndipo asiyependa za Kihindi huulizia saa. Chai iandaliwe wakati huo.

Sasa malipo. Kama mna uanachama wa Netflix au huduma nyingine, tafuteni humo kabla ya kukodi kwingine. Ukikodi mtandaoni, kwa kawaida unapewa siku 30 za kuanza kutazama, lakini ukishabonyeza kucheza unabaki na saa 48 tu. Wengi hubonyeza adhuhuri "kuona kama inafanya kazi", kisha umeme unakatika usiku huo na mwenzake anachelewa usiku wa pili, pesa imekwenda. Jaribu picha na sauti kwa tangazo la bure la filamu hiyo hiyo. Kama huduma inaruhusu kupakua, pakua mchana: kwenye Netflix ubora wa kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na ubora wa juu hadi GB 3. Kwenye runinga ndogo ya chumbani, ubora wa kawaida unatosha na bando inabaki.

Maandishi ya chini yakaguliwe kabla ya kulipa, hata kama Kiingereza mnakijua. Joto la Mombasa haliruhusu kuzima pangaboi, na pangaboi likivuma, spika za kompyuta hazisikiki kwenye maongezi ya kunong'ona. Waya wa HDMI hadi kwenye runinga husaidia kuliko kuongeza sauti. Epukeni pia nakala zilizosimuliwa na madijei kwa filamu za aina hii: msimuliaji huongea juu ya maneno ya wapenzi, na kwenye Casablanca maneno hayo ndiyo mnayoyalipia.

Kuchagua kwenyewe mgawane: mmoja ataje tatu kati ya hizi, mwenzake akate moja bila kuulizwa sababu, kisha aliyetaja achague katika mbili zilizobaki. Ikifika nusu saa na mmoja bado hajashikwa, simamisheni mhamie ya akiba, ambayo iwe imeshapakuliwa tangu mchana.