Luther au Zwingli: nani alisoma vyema "huu ni mwili wangu"?

Marburg, Ujerumani, Oktoba 1529: wanamageuzi wawili wa kanisa walikutana kubishania maneno hayo ya Yesu juu ya mkate. Martin Luther aliyaandika mezani kwa chaki, akagoma kubanduka: "ni" ni "ni". Zwingli, mhubiri wa Zurich, akasoma "huashiria", akishika Yohana 6:63, "mwili haufai kitu". Kwa kushika neno lilivyo, Luther anashinda. Ukiuliza mwili uliopaa mbinguni unakuwaje mkateni, Zwingli anambana.

Kwa ibada, Zurich ilikata mzizi: Pasaka ya 1525, kwa idhini ya baraza la mji, misa iliondolewa, mkate ukapitishwa kwa sahani za mbao. Luther hakuona haja ya kuvua kanisa hivyo.

Mwenye dhamiri inayomsumbua, anayetaka kupewa Kristo mkononi, atatulia kwa Luther. Anayeiona Meza ya Bwana kama ushirika wa mji mzima wakikumbuka, Zurich inamfaa.