TAHADHARI kwa mnaolipia viwanja kwa awamu: soma risiti yako kabla hujaondoka dirishani

Kuna muuzaji wa viwanja ambaye kwa sasa sitamtaja jina kwa sababu mgogoro bado uko mezani. Ninachotaka mkijue ni namna anavyoandika risiti, kwa kuwa wizi wenyewe umekaa humo. Mkataba wake ni mzuri, kiwanja kipo, ofisi ipo, na risiti anatoa kwa kila anayelipa mkononi. Ukitazama kwa haraka huoni tatizo lolote.

Aliyekwama ni shemeji yangu. Bei ya kiwanja ilikuwa milioni 6. Alitanguliza 1,500,000, na zile 4,500,000 zilizobaki zikagawanywa awamu 12 za 375,000 kila mwezi kuanzia Januari, mwisho wa kulipa ukiwa tarehe 5. Mkataba unasema awamu ikichelewa, faini ni 75,000 kwa mwezi, na mnunuzi akifikisha malimbikizo ya miezi miwili muuzaji anaweza kuvunja mkataba. Vipengele vya namna hii ni vya kawaida na shemeji alivielewa.

Alilipa kuanzia Januari mpaka Julai bila kuruka mwezi. Awamu 7 mara 375,000 ni 2,625,000. Ongeza utangulizi, jumla 4,125,000. Salio linapaswa kuwa 1,875,000. Agosti anakwenda kulipa anaambiwa salio lake ni 2,775,000, yaani zaidi kwa laki tisa, na kwamba akichelewa tena kidogo tu kiwanja kinarudi sokoni.

Laki tisa zimetoka wapi? Awamu ya Januari aliituma kwa simu, kwenye namba aliyopewa na karani wa ofisi ile. Karani akamwambia risiti angeichukua siku nyingine, na haikutoka. Sasa ofisi inasema namba ile si yao. Hapo 375,000 zimepotea kwenye hesabu. Lakini hasara kubwa zaidi imetokana na risiti sita zilizofuata, ambazo zote zimeandikwa hivi: "Nimepokea 375,000 kwa ajili ya kiwanja." Kuna tarehe, sahihi na muhuri, basi.

Hazisemi ni awamu ya ngapi wala ya mwezi gani. Kwa hiyo muuzaji amezisogeza zote nyuma kwa mwezi mmoja. Risiti ya Februari anasema ni malipo ya Januari yaliyochelewa, ya Machi ni ya Februari, na kuendelea hivyo mpaka ya Julai, ambayo kwake ni ya Juni. Julai yenyewe kwa hesabu yake haijalipwa kabisa. Mtu ambaye hakuchelewa hata mara moja amegeuzwa kuwa mchelewaji wa miezi saba: 75,000 mara 7 ni 525,000. Jumlisha na zile 375,000 za Januari, unapata laki tisa kamili. Na kwa kuwa yuko nyuma mwezi mmoja kwenye vitabu vyao, ukiongezeka mmoja tu kile kipengele cha kuvunja mkataba kinaanza kufanya kazi. Mimi siamini kabisa kwamba huu ni uzembe wa karani.

Risiti ambayo ingeziba mwanya huu si ndefu. Ingekuwa hivi:

"Tarehe ya kupokea pesa: 3 Julai. Nimepokea kutoka kwa (jina kamili la mnunuzi) 375,000 (laki tatu na elfu sabini na tano tu), ikiwa ni awamu ya 7 kati ya 12, ya mwezi Julai, sehemu ya bei ya kiwanja namba (…) kwa mkataba wa tarehe (…). Malipo yamefanyika kwa simu, muamala namba (…), kwenda namba (…) ya muuzaji. Jumla iliyolipwa hadi leo pamoja na utangulizi: 4,125,000. Salio la bei: 1,875,000. Hakuna awamu ya nyuma wala faini inayodaiwa."

Chini yake jina la aliyepokea, cheo chake, sahihi na muhuri.

Angalieni hiyo "tarehe ya kupokea pesa". Wengine hupokea pesa tarehe 3, risiti wanaiandika tarehe 11, halafu baadaye tarehe 11 ndiyo inageuka kuwa siku uliyolipa. Kwa hundi, ni haki ya muuzaji kuandika kwamba risiti itakuwa halali hundi ikishapita benki, ila namba ya hundi na jina la benki lazima viwepo. "Sehemu ya bei" nayo msiiruhusu ibadilishwe kuwa "amana" au "ada ya kushikilia eneo", kwa sababu siku mkivurugana atadai hukuwa unanunua, ulikuwa unalipia nafasi tu.

Mstari wa salio ndio wenye nguvu kuliko yote. Ukiwa na risiti ya karibuni yenye jumla iliyolipwa na salio, hata ya Januari ikipotea, muuzaji ameshakiri kwa sahihi yake kwamba aliipokea. Na ule wa mwisho, "hakuna faini inayodaiwa", ndio wanaoukataa haraka. Akiukataa, mwambie aandike faini anayodai ni ya mwezi gani na kiasi gani. Ni afadhali mbishane mwezi wa pili kwa 75,000 kuliko mwezi wa nane kwa laki tisa.

Wapangaji, kwenu ni vilevile kwa ufupi. "Kodi ya miezi 3" haitoshi, iandikwe "kuanzia 1 Machi hadi 31 Mei". Amana ya nyumba iwe na mstari wake peke yake, isichanganywe na kodi.

Kama muuzaji amegoma kabisa kuandika, usilipe kimya kimya. Katika nchi nyingi sheria ya mikataba inampa mlipaji haki ya kutaja, wakati analipa, pesa yake inakwenda kwenye deni lipi. Mpokeaji akiipokea, anapaswa kuielekeza huko. Usipotaja, yeye ndiye anayepata nafasi ya kuipeleka anakotaka, hata kwenye faini. Kwa hiyo, kabla au wakati wa kutuma, mwandikie ujumbe kwenye namba iliyo ndani ya mkataba: "Natuma 375,000 kwa awamu ya 8 ya Agosti ya kiwanja namba (…), si kwa faini. Salio baada ya malipo haya ni 1,500,000." Uhifadhi ujumbe huo pamoja na ule wa muamala. Pesa isiende kwenye namba au akaunti ambayo mkataba haujaitaja, hata karani awe mkarimu namna gani. Risiti za mashine zipigeni picha siku hiyohiyo, maandishi yake hufifia.

Shemeji ameshachukua taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, inayoonyesha Januari pesa ilitoka tarehe ngapi na kwenda kwa nani, na wakili ameandika barua. Awamu ya Agosti ameilipa kwa benki kwenye akaunti ya mkataba, na mwezi na namba ya awamu vimeandikwa kwenye hati ya malipo. Kama nawe una risiti za "kwa ajili ya kiwanja" droo imejaa, kabla ya kulipa awamu ijayo omba taarifa ya malipo yako yote, yenye sahihi na muhuri, ikionyesha kila awamu na salio. Waombe kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.