Uzoefu wangu: kanuni ya 3-2-1 kwenye video za harusi

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam. Kwa zaidi ya mwaka sasa kazi zote nazihifadhi kwa kanuni ya 3-2-1, ile iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, nakala moja ikae mbali. Naipendekeza kwa yeyote anayeshika kamera, ila ajue mapema kwamba kasi ya intaneti na bili ya kila mwezi ndizo zitakazoamua akae na nini, na kwa muda gani.

Kamera zangu zinarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Harusi moja, kamera mbili, jumla ya saa nne za video ghafi: gigabaiti 180. Mwezi wenye harusi nne unaleta gigabaiti 720. Kwa mwendo huo diski ya terabaiti 8 inajaa kabla mwaka haujaisha.

Nakala ya kwanza iko kwenye diski ya terabaiti 8 mezani, ambayo ndiyo ninayohariria. Ya pili iko kwenye diski ya ukubwa uleule kutoka kiwanda kingine, na hiyo inachomekwa wakati wa kunakili na kukagua tu. Ya tatu inakwenda mtandaoni, Backblaze B2, kwa programu ya bure ya rclone. Huko ndiko nakala yangu ya mbali, na ndiyo pia aina yangu ya pili ya hifadhi. Wapo wanaosema hifadhi ya mtandaoni nayo ni diski za watu wengine, na ni kweli. Lakini mwizi, maji na umeme unaoruka vinaweza kuchukua diski zangu zote mbili kwa siku moja, na huko havifiki. Niliangalia pia kanda za LTO wanazotumia watu wenye video nyingi. Kanda yenyewe bei yake si mbaya, ila mashine ya kuiandikia ni ghali mno kwa ofisi ya watu wawili.

Kupakia ndiko kunakohitaji subira. Laini yangu inapandisha megabiti 20 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 9 kwa saa mambo yakienda vizuri. Nikiiachia kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, napata gigabaiti 63. Harusi moja inakula usiku tatu. Umeme ukikatika, faili zilizokwisha kupanda hazirudiwi, ila ile iliyokuwa njiani inaanza upya. Faili ya gigabaiti 4 ikikatika unapoteza chini ya nusu saa. Filamu nzima ya gigabaiti 27 inaweza kukutafuna saa tatu.

Amri ninayotumia ni hii:

```
rclone copy /mnt/a/harusi b2:harusi-ghafi --immutable --bwlimit "06:00,100k 23:00,off"
```

Neno `copy` nimelichagua makusudi. Ukitumia `sync`, faili uliyoifuta mezani inafutwa na kule juu, na hapo nakala ya mbali inakuwa kivuli cha diski yako. `--immutable` inakataa kuandika juu ya faili iliyokwisha kupanda. Kitu kikibadilika, inatoa kosa badala ya kupitisha kimyakimya. Video ghafi haina sababu ya kubadilika, kwa hiyo kosa hilo likitokea naamka kuangalia. Hiyo `--bwlimit` inabana kasi mchana ili watu wa nyumbani nao wapate intaneti.

Memori kadi za kamera hazifutwi mpaka nakala zote tatu ziwe zimekaguliwa. Kwa kuwa kupakia kunachukua usiku tatu, ilinibidi ninunue kadi za akiba, na gharama hiyo watu wengi huisahau wanapopiga hesabu.

Sehemu iliyonifanya niiamini kanuni hii ni ukaguzi. Baada ya kunakili naendesha amri mbili:

```
rclone check /mnt/a/harusi /mnt/b/harusi
rclone check /mnt/a/harusi b2:harusi-ghafi --one-way
```

Ya kwanza inasoma diski zote mbili. Ya pili inasoma diski ya mezani, inapiga hesabu ya alama ya SHA-1 ya kila faili, kisha inailinganisha na alama iliyohifadhiwa juu siku faili ilipopakiwa. Haipakui video, kwa hiyo bando haliguswi.

Siku moja amri ya kwanza ilirudisha `1 differences found`. Ilikuwa faili ya maharusi wakiingia ukumbini. Ukubwa ni uleule, tarehe ileile, na nilipoicheza ilicheza. Ila katikati, kwa muda mfupi kama kupepesa jicho, vijiboksi vya kijani vilipita kwenye gauni la bibi harusi. Ungekuwa na nakala mbili tu zisizofanana, ungejua zinatofautiana bila kujua ipi ya kuamini kwenye saa nyingi za video ambazo hakuna anayezitazama zote. Amri ya pili ndiyo iliyoamua: meza na mtandao vilikubaliana, kwa hiyo kasoro ilikuwa diski ya pili. Niliisoma tena kwa waya mwingine, bado ilitofautiana, maana yake iliandikwa vibaya tangu mwanzo. Nikabadili waya, nikanakili upya, nikakagua, safi. Tangu hapo kila baada ya miezi mitatu diski zote zinakaguliwa upya, na diski moja ikijaa inachukua usiku mzima.

Sasa bili. Nilipoanza, B2 ilikuwa dola 6 kwa terabaiti kwa mwezi. Gigabaiti 720 ni dola 4.32, bei nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba mwezi unaofuata unaongeza 4.32 nyingine juu ya ile, na mwaka ukitimia unalipa karibu dola 52 kila mwezi hata kama hujapata kazi mpya. Ndiyo maana niliweka muda kwenye mkataba: video ghafi zinakaa miezi sita tangu mteja apokee kazi, filamu iliyokamilika inakaa moja kwa moja. Wateja wamelikubali hilo vizuri, na wawili walilipia muda zaidi. Hivi juu kunabaki kama terabaiti 4.3 za ghafi, takriban dola 26 kwa bei ile, na filamu zinaongeza gigabaiti 108 kwa mwezi, ambazo ni senti 65.

Ukifuata utaratibu huu, angalia kitu kimoja: kwenye B2, faili unayoifuta kwa kawaida inafichwa tu, na toleo lililofichwa linaendelea kulipiwa. Ama uweke kanuni ya muda kwenye bakuli lenyewe, yaani folda kuu ya `harusi-ghafi` huko B2, au uendeshe `rclone cleanup b2:harusi-ghafi`.

Udhaifu unaobaki ni kurudisha. Kupakua harusi moja kwa kasi yangu ni kama saa 20, naweza kuvumilia. Kupakua ghafi zote ni siku 20 mfululizo, na hakuna bibi harusi atakayesubiri hivyo. Kwa hiyo diski ya pili ikijaa na kukaguliwa, inahamia kwa dada yangu Mbagala, ndani ya kasha lake, na naiendea kila robo mwaka kwa ukaguzi. Ofisi ikiungua, naanza kazi kesho yake kwa diski ya Mbagala, na zile harusi za karibuni ambazo hazijafika huko ndizo zitakazoshuka kutoka B2, moja moja, kwa kufuata tarehe za kukabidhi.