Daftari, Google Sheets au mfumo wa kulipia? Nilivyopanga njia za kufuatilia ada ya awamu

Kabla hujamuuliza muuzaji bei ya mfumo wake, mpe mtoto mmoja wa mfano amwingize mbele yako. Mimi humtumia huyu: yuko darasa la 4, ada yake ya mwaka ni shilingi 1,200,000, inalipwa kwa awamu nne. Shilingi 400,000 Januari 10, 300,000 Aprili 1, 300,000 Julai 7 na 200,000 Septemba 15. Leo tuseme ni Aprili 20, na mzazi ameshaleta 650,000. Anadaiwa ngapi?

Anadaiwa 50,000. Awamu zilizoiva ni mbili, jumla yake 700,000, ukitoa alicholipa inabaki hiyo. Lakini mifumo kadhaa niliyoonyeshwa ilijibu 550,000, kwa sababu inachukua ada ya mwaka mzima, inatoa kilicholipwa, basi. Namba hiyo si ya uongo, ni salio la mwaka. Tatizo ni kuiita deni. Itume kwa mzazi kwenye meseji, kesho asubuhi yuko mlangoni kwa mhasibu akiwa na risiti zote mkononi, na ana haki. Orodha ya wadaiwa nayo ikitengenezwa kwa hesabu hiyo, mwezi wa pili shule karibu nzima imo, pamoja na waliolipa kwa wakati. Hapo huna orodha, una rejista ya shule.

Nimezipanga njia nne kwa kuangalia hilo kwanza, mengine baadaye. Ninaongelea shule binafsi za hapa Tanzania, za kutwa, zenye mhasibu mmoja.

1. Google Sheets, kama watoto hawazidi 250 hivi

Haina gharama zaidi ya bando, na ukiipanga vizuri inajibu 50,000 bila kusita. Siri ni kutoweka awamu kwenye safu za pembeni ya jina la mtoto, kama wengi tunavyoanza. Tengeneza kurasa tatu. WANAFUNZI ina namba ya mtoto, jina, simu ya mzazi na deni. MADAI ina mstari mmoja kwa kila awamu ya kila mtoto: namba yake, tarehe ya kuiva, kiasi. MALIPO ina namba ya mtoto, tarehe, kiasi, na namba ya risiti au ya muamala. Punguzo la ndugu liandike kwenye MADAI kama kiasi cha hasi, ili mwakani mtu akiuliza lilitoka wapi, lionekane.

Kwenye WANAFUNZI, safu ya deni inabeba hii:

```
=SUMIFS(MADAI!C:C,MADAI!A:A,A2,MADAI!B:B,"<="&TODAY())-SUMIFS(MALIPO!C:C,MALIPO!A:A,A2)
```

Maana yake: jumlisha awamu za mtoto huyu ambazo tarehe yake imefika, toa alizolipa. Ikitoka hasi, mzazi ametangulia. Kisha fungua ukurasa wa nne kwa ajili ya wadaiwa, wakianza wenye deni kubwa:

```
=SORT(FILTER(WANAFUNZI!A2:D300,WANAFUNZI!D2:D300>0),4,FALSE)
```

Mitego ni miwili, na yote nimeingia. Ukiandika `300,000/=` kama tulivyozoea kwenye risiti, Sheets inaiona kuwa maneno, wala haiijumlishi. Mzazi kalipa, deni liko palepale. Utaitambua kwa macho: namba husogea kulia mwa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Mtego wa pili ni tarehe. Faili likiwa na mpangilio wa Marekani, 1/4 inasomwa Januari 4, kwa hiyo awamu ya Aprili inaiva miezi mitatu kabla. Nenda `File > Settings > Locale`, chagua `United Kingdom`, halafu ndipo uanze kuingiza tarehe.

Inapokwama ni kwenye vikumbusho. Meseji utazituma mwenyewe, mmoja mmoja, na hapo ndipo watoto wakishakuwa wengi mhasibu huchoka. Na tafadhali, usikwepe kazi hiyo kwa kubandika orodha ya wadaiwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mbali na fedheha, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

2. Mfumo wa kulipia kwa mwaka

Watoto wakivuka 250, huu unapanda namba moja, mradi umefaulu jaribio la Aprili 20. Kuna mambo mengine matatu ya kujaribu kabla ya kusaini.

La kwanza, mzazi mwenye watoto wawili anatuma 500,000 kwa mpigo kwa Lipa Namba, na jina linalokuja ni la mjomba. Muulize muuzaji akuonyeshe pesa hiyo inagawanywaje kwa watoto wote wawili huku ikibaki na namba ile ile ya muamala. La pili, mwambie afute risiti ya jana. Ikifutika ikapotea kabisa, ondoka. Mfumo mzuri unakataa, unakulazimisha uingize risiti ya kuibatilisha, na jina la aliyefanya hivyo linabaki.

La tatu ni bei ya meseji. Meseji moja hubeba herufi 160, lakini ikiwa na alama yoyote nje ya seti ya kawaida ya simu, kikomo kinashuka hadi 70. Kiswahili hakina herufi za ajabu, ila alama ya juu iliyopinda inatosha kuiharibu. Jina Ng’wandu lililonakiliwa kutoka Word linageuza meseji yako ya herufi 120 kuwa meseji mbili za kulipia. Andika Ng'wandu kwa alama iliyonyooka, unalipa moja. Kikumbusho changu kinatoka siku saba kabla ya awamu na siku tatu baada yake. Cha baada ni hiki:

"Mzazi wa Asha (Std 4): awamu ya 2 iliiva 1/4. Imebaki 50,000. Kama umeshalipa, tuma namba ya muamala kwa mhasibu. Asante."

Sentensi ya kutuma namba ya muamala imenipunguzia kelele kuliko kitu kingine chochote.

3. Daftari kubwa

Ukurasa mmoja kwa mtoto, safu za tarehe, risiti, kiasi, salio. Kwa watoto 60 linatosha kabisa, na umeme ukikatika linaendelea kufanya kazi. Ila kupata orodha ya wadaiwa ni kufunua kurasa zote na kikokotoo, na ukimaliza, watatu wameshalipa.

4. Programu ya kununua mara moja, inayokaa kwenye kompyuta moja

Bei yake inavutia: unalipa leo, hakuna ada ya mwaka. Shule niliyokuwa nafanya kazi zamani ilinunua moja. Ilikuwa na ripoti nzuri na nembo yetu juu ya risiti, lakini haikuwa na kitufe cha kutoa data kwenda Excel, na nakala ya akiba ilihifadhiwa kwenye diski ile ile. Mwezi wa nane diski ikafa. Aliyetuuzia alikuwa ameshabadilisha namba ya simu. Tulikaa ofisini siku 9, watu wawili, tukinakili vitabu vya risiti na slipu za benki, na kuna slipu 11 ambazo hadi mwaka unaisha hatukujua ni za mtoto gani.