Betri nne za droni juu ya kaunta: ipi ubebe, ipi uiache

Ukiingia duka la vifaa vya droni Mwanza mjini kutafuta betri ya lipo, muuzaji atakusomea lebo: seli nne, 1500 mAh, 75C. Lebo hiyo huchapishwa siku betri inatengenezwa na haibadiliki tena, hata betri ikikaa kwenye joto la dukani mwaka mzima. Kitakachokuambia hali yake ni volti ya kila seli, na ya kuipimia unaenda nayo mwenyewe: kile kipimo kidogo cha seli kinachochomekwa kwenye plagi nyeupe ya waya nyembamba. Betri ya seli nne ina waya tano kwenye plagi hiyo. Kwa kupitia hizo unaiona kila seli peke yake, wakati waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, zinakuonyesha jumla tu.

Tuchukue betri nne za lebo ileile, tuzipange kuanzia ya kununua hadi ya kukimbia.

Ya kwanza: 3.84, 3.84, 3.85, 3.84

Hii ndiyo ya kubeba. Seli ya lipo iliyojaa inasoma volti 4.20, na haitakiwi kushuka chini ya 3.0 hata mara moja. Ya kutunzwa inakaa katikati, 3.80 hadi 3.85, kwa hiyo betri nzima ya seli nne husoma kama 15.2 hadi 15.4. Hapo kemikali zake zimetulia: hazina msukumo mkubwa wa kuunguza majimaji ya ndani kama zikiwa zimejaa, wala hazipo karibu na shimo la kuishiwa. Kiwandani hutoka zikiwa karibu na kiwango hicho, hivyo duka lenye betri inayosoma hivi limeiacha kama ilivyokuja au linajua linachofanya. Tofauti ya 0.01 kati ya seli si ya kukutia wasiwasi.

Ya pili: 4.14, 4.14, 4.15, 4.14

Hapa muuzaji atajisifu: "Bosi wangu, hii imeshiba, unaenda kurusha leo leo." Ingesoma 4.20 au 4.19, huenda ilichajiwa asubuhi hiyo, na haina neno. Lakini 4.14 kwenye seli zote ni dalili kwamba ilijazwa zamani, ikaachwa rafuni ikashuka yenyewe polepole. Kukaa imejaa, tena kwenye joto, ndiko kunakoizeesha lipo bila kurushwa hata dakika moja: majimaji ya ndani yanachanganuka, gesi inaanza kujikusanya, na ukinzani wa seli unapanda. Bado seli zinalingana, kwa hiyo inafikirika. Ibonye taratibu kwa dole gumba upande wa bapa. Ikiwa ngumu na tambarare kama kibao, nunua, ila kwa bei pungufu. Ikibonyea kama mto, iangalie kama ya nne hapa chini.

Huko nyumbani kosa ni hilohilo. Umejaza betri sita za kwenda kupiga picha ufukweni Capri Point, mvua ikanyesha, ukazirudisha kwenye begi. Zisipite siku mbili au tatu zikiwa zimejaa. Chagua `STORAGE` kwenye chaja, nayo itazishusha hadi kiwango cha kutunza, au itazipandisha kama zimetumika. Uwe na subira: chaja nyingi ndogo zinamwaga wati 5 tu, na betri hii ina wati-saa 22 na kidogo, kwa hiyo kuitoa nusu huchukua zaidi ya saa mbili. Njia ya haraka ni kuirusha.

Ya tatu: 3.79, 3.80, 3.71, 3.80

Ukiipima kwa multimita kwenye waya nene utapata 15.10 na kuridhika. Ukweli uko kwenye seli ya tatu, iliyoachwa nyuma na wenzake kwa karibu 0.09. Ndiyo maana ya plagi nyeupe.

Fikiria umeichaji kwa waya nene peke yake. Chaja inatafuta jumla ya 16.8, haijui nani ana nini. Seli ya tatu ikiwa imefika 4.11, wenzake watatu watakuwa wamevuka hadi 4.23, na kuzidisha hivyo mara kwa mara ndiko kunakoanza kuzivimbisha. Angani mambo yanageuka. King'ora cha volti ya betri umekiweka kwenye 14.0, yaani wastani wa 3.5 kwa seli. Lakini 14.0 inaweza kuwa seli tatu zenye 3.65 na moja iliyoshuka hadi 3.05. King'ora kinaanza kulia wakati seli dhaifu imefika ukingoni, na kama droni iko juu ya maji, ziwa halirudishi.

Ukichaji kwa `BALANCE`, waya nene na plagi nyeupe zote zikiwa zimechomekwa, chaja inasoma kila seli. Iliyotangulia inapunguziwa umeme kidogo kidogo kupitia vikinzani vidogo ndani ya chaja, hadi zote zifike 4.20 pamoja. Kwa ampea 1.5 betri hii huchukua kama saa moja, na dakika za mwisho zinaburuta kwa sababu mkondo wa kusawazisha ni mdogo.

Kusawazisha kunalinganisha kiasi cha chaji tu. Seli iliyochoka haiponi. Kwa hiyo betri ya tatu inunuliwe kwa sharti la kurudisha: isawazishe hadi `STORAGE`, andika namba za seli zote nne, iache wiki nzima bila kuchomeka kitu, pima tena. Seli ya tatu ikibaki na wenzake, ilikuwa imepitwa na chaji tu. Ikiwa imeshuka peke yake, inavuja kwa ndani, na hakuna chaja itakayoiokoa. Chaja zinazoonyesha ukinzani wa ndani zinakupa ushahidi wa pili: seli yenye namba mara mbili ya wenzake ndiyo mgonjwa.

Ya nne: imevimba

Namba zake hazina haja ya kusomwa. Gesi iliyomo haiondoki, ikipoa husinyaa kidogo tu ikakudanganya. Usiitoboe kutoa hewa, maana hewa na unyevu vikiingia inaweza kuwaka mkononi. Unayo ya namna hiyo nyumbani? Iweke nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, imwage kwa balbu mbili za gari za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, mpaka zizime kabisa na betri isome karibu sifuri. Kisha funga ncha zake kwa tepu. Isiende jalalani ikiwa bado na chaji, wala ziwani.

Chaja

Ile ndogo ya taa tu, isiyo na kioo, inayochaji kupitia plagi nyeupe pekee inasawazisha vizuri, lakini haina `STORAGE`, na hilo ndilo utakalolihitaji kila wiki. Lipa zaidi upate yenye kioo, inayoonyesha kila seli, na inayokubali pia umeme wa volti 12. Umeme wa ukutani ukikatika ukiwa bado hujashusha betri zako, utaimalizia kazi kwenye betri ya gari.