Beti ya bure au bonasi ya kuweka pesa? Nimetumia zote mbili, hesabu yangu hii hapa

Wakuu nimezitumia hizi ofa mbili kwa kampuni mbili tofauti, moja ilikuwa inatoa beti ya bure ya 10,000 kila wiki ukishabeti 10,000 yako mwenyewe, nyingine ukiweka 10,000 wanakuongezea 10,000 nyingine kwenye akaunti. Kwa macho zinafanana kabisa, 10,000 ni 10,000. Ila hazifanani hata kidogo na mimi nimelijua hilo baada ya kuumia.

Naanza na beti ya bure maana ndo ilinishangaza zaidi. Wiki ya kwanza nilipopewa nikasema siharibu bahati, nikachagua timu kali inayocheza nyumbani na kibonde, odi 1.27. Ikashinda. Mimi kichwani nilishapiga 10,000 mara 1.27 nikajua naingiziwa 12,700. Kufungua akaunti nakuta 2,700. Nikajua wamenidhulumu, nikawaandikia huduma kwa wateja kwa hasira, wakanijibu kwa mstari mmoja tu, kwamba dau la beti ya bure halirudishwi. Nikarudi kusoma masharti na kweli kumbe lilikuwa limeandikwa, ila kule chini kabisa.

Maana yake ni hivi. Ukibeti pesa yako 10,000 kwa odi 2.00 ukashinda unapata 20,000, ndani yake kuna 10,000 yako iliyorudi na 10,000 ya faida. Kwenye beti ya bure ile ya kurudi hawakupi, unapewa faida peke yake. Kwa hiyo kila odi unayoiona kwenye mkeka itoe 1 kwanza ndo uzidishe na dau. Odi 1.27 inakuwa 0.27, yaani hapo nilichukua 10,000 ya bure nikaigeuza kuwa 2,700, na hiyo ni baada ya KUSHINDA. Odi 3.80 inakuwa 2.80, ukishinda unapata 28,000.

Sasa utasema odi 3.80 inachana sana. Ndio inachana, na hapo ndo penye hesabu yenyewe. Chukulia kampuni inabakiza asilimia 5 kwenye kila odi, odi 1.27 itakuwa mechi inayotiki kama mara 75 kwenye 100 na 3.80 kama mara 25 kwenye 100. Ile ya kwanza, 2,700 mara robo tatu ni kama 2,000. Hiyo nyingine, 28,000 mara robo ni 7,000. Beti ileile ya bure, ukiiweka kwa timu ya uhakika wastani wake ni 2,000 na ukiiweka kwa odi ya kati thamani yake ni 7,000! Ukicheza kwa pesa yako hiyo tofauti haipo, kwa asilimia 5 hiyohiyo wastani wa hasara unakuwa uleule kwenye odi zote mbili, ila sharti la dau kutorudi ndo linageuza kila kitu, linaiua odi ndogo. Baada ya kuelewa hivyo nilitumia beti za bure nne zilizofuata kwa odi ya 3.80 au karibu na hapo, tatu zikachana, moja ikatiki nikapata 28,000. Sijapanda zaidi ya hapo kwenda odi 15 au 20 kwa sababu kule kampuni huwa zinajikatia kubwa zaidi, na unaweza kukaa miezi hujaona kitu.

Jinsi ya kujua kabla hujathibitisha: weka mkeka, chagua kutumia beti ya bure, halafu angalia malipo yanayoonyeshwa. Kama ni odi mara dau, dau linarudi. Kama imepungua kwa kiasi cha dau lenyewe, basi halirudi. Na kumbuka ile 10,000 yako ya kwanza uliyobeti ili upewe nayo ina gharama, kwa asilimia 5 ni kama 500 kwa wastani, kwa hiyo ile 7,000 mimi naihesabu 6,500.

Bonasi ya kuweka pesa sasa. Niliweka 10,000, salio likasoma 20,000, nikafurahi sana. Sharti lilikuwa kuzungusha mara 5, lakini mara 5 ya nini? Nilidhani ya bonasi, yaani 50,000, kumbe ni ya bonasi pamoja na pesa niliyoweka, 20,000 mara 5, yaani 100,000! Lazima mikeka ifike jumla hiyo ndani ya siku 14, odi isipungue 1.80, na nikitoa hata senti katikati bonasi inafutwa pamoja na ulichoshinda nayo.

Nikacheza mechi moja moja zenye pande mbili zinazokaribiana, 1.90 huku na 1.90 huku, 2,000 kila mkeka, jumla mikeka 50. Hizo odi ndo njia rahisi ya kuona kampuni inakula ngapi: nafasi ni nusu kwa nusu, ilipaswa kuwa 2.00, wamekupa 1.90, kwa hiyo kwenye kila 100 unayobeti inaondoka 5. Kwenye 100,000 inaondoka 5,000 kwa wastani. Maana yake bonasi ya 10,000 kwangu ilikuwa na thamani ya 5,000 tu tangu mwanzo. Mimi nilishinda 24 kati ya 50, kila mmoja ukarudisha 3,800, jumla 91,200, salio likabaki 11,200. Halafu kulikuwa na mkeka mmoja niliuweka kwa odi 1.75 bila kuangalia, haukuhesabiwa kwenye mzunguko na ukachana juu yake, 2,000 ikaenda. Nikatoa 9,200. Niliingia na 10,000, nikakaa wiki mbili nazungusha, nikatoka na pungufu ya 800. Iliniuma, maana nilikuwa makini kila siku ila ile moja.

Na kama wanakulazimisha mikeka ya mechi tatu usiiguse kabisa hiyo ofa, kila mechi inakatwa 5 yake, zikizidishana inakuwa kama 14 kwenye kila 100, na kwa kuzungusha 100,000 hiyo ni 14,000, bonasi nzima imeliwa na pesa yako nayo inaliwa.

Kwa hiyo mimi kwa ofa hizi mbili naichagua beti ya bure, mradi niiweke kwenye odi ya 3.50 hadi 5 hivi. Ila siyo kila mara. Bonasi ya 10,000 yenye mzunguko wa 30,000 tu inagharimu 1,500, inabaki 8,500, hiyo inaipita beti ya bure na naichukua. Mpaka wangu ni 70,000: hapo gharama ni 3,500 na inabaki 6,500, zinalingana. Mzunguko ukizidi hapo naiacha, ukiwa chini naingia, na kabla ya kuweka pesa nawauliza huduma kwa wateja swali moja kwa maandishi: mara ngapi, na ni mara ya bonasi peke yake au pamoja na pesa yangu?